Karatasi Namba 17: Kusahihisha Jedwali la Majaribio ya Chakula

Wenzangu mnaosomea ualimu wa baiolojia, mkienda mazoezi ya kufundisha mtakabidhiwa rundo la karatasi za praktikali, na kati ya hizo lazima kuwe na majaribio ya chakula. Kila mtu anadhani hii ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Jedwali lina safu nne, majibu ni yale yale tuliyoyakariri tangu kidato cha pili, unaweka vema, unaweka kosa, unajumlisha, unalala. Mimi nilisahihisha karatasi 24 kwa jioni moja. Kesho yake nikazirudisha darasani nikiwa nimeridhika kabisa.

Saa ya mapumziko akaja msichana mmoja na karatasi yake. Nitamwita Namba 17, maana ndiyo namba aliyokalia siku ile. Akasimama pembeni ya meza kwa adabu, akasema, "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza. Hapa mstari wa pili umenikosesha."

Nikaangalia. Alikuwa ameandika kwamba Benedikti ilibadilika kutoka bluu kuwa kijani. Mwongozo wangu ulisema bluu inabaki. Nikamwambia jibu si kijani.

"Ndiyo mwalimu, hata mimi nilijua jibu ni bluu ilibaki. Nilikuwa nimeshaandika hivyo, ona hapa nilipofuta. Lakini nilipochemsha haikubaki." Kisha akauliza lile swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: "Sasa mwalimu, kwenye mtihani niandike ninachokiona au kilichoko kwenye daftari?"

Kabla sijaeleza nilimjibu nini, tuliangalie jedwali lenyewe kwanza. Shule zetu zinaandika kwa Kiingereza, kwa hiyo majibu ya wanafunzi nitakayoyataja hapa nimeyageuza kwa Kiswahili.

Jedwali lilivyokuwa

Wanafunzi walipewa kimiminika kimoja kilichoandikwa K, kama mililita 20 kila mmoja, wakaambiwa watafute kama kina wanga, sukari za aina mbili, na protini. Jedwali lina safu nne: kinachopimwa, hatua, kilichoonekana, na hitimisho. Nilitoa alama nne kwa kila mstari: mbili za hatua, moja ya kilichoonekana, moja ya hitimisho. Jumla 16.

Kuhusu sukari, tukubaliane majina ili tusijikwae. Kuna sukari zinazobadilisha Benedikti moja kwa moja zikichemshwa nayo. Glukosi, fruktosi, maltosi na laktosi zimo humo. Nitaziita kundi la kwanza. Halafu kuna sukrosi, sukari yetu ya chai, ambayo haibadilishi Benedikti mpaka kwanza uivunje kwa asidi. Hiyo nitaiita kundi la pili.

K ya siku ile ilitengenezwa kwa gramu 100 za unga wa ngano na gramu 20 za sukari ya mezani katika lita moja ya maji. Kwa hesabu yangu ya mezani, wanga upo kwa sababu ya unga, protini ipo kwa sababu ya unga huo huo, kundi la pili lipo kwa sababu ya sukari ya mezani, na kundi la kwanza halipo. Nikaandika mwongozo nikiwa nimekaa nyumbani. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ila sikulijua bado.

Safu ya kilichoonekana inataka mwanzo na mwisho

Jambo la kwanza unalokutana nalo ukianza kusahihisha ni kwamba wanafunzi wengi hawatenganishi kilichoonekana na hitimisho. Namba 6 aliandika kwenye safu ya kilichoonekana, "Wanga ulionekana." Hapana. Wanga haukuonekana, kilichoonekana ni rangi. Wanga ni jambo analolifikia kichwani baada ya kuona rangi, na mahali pake ni safu ya nne. Ukimpa alama hapo, umemlipa mara mbili kwa sentensi moja, kwa sababu safu ya nne ataandika tena "Wanga upo."

Jambo la pili ni neno "hakuna rangi". Lilikuwa kwenye karatasi nne. Mwanafunzi ameweka Benedikti, amechemsha, bluu imebaki bluu, anaandika "hakuna rangi". Anachotaka kusema ni "hakuna mabadiliko ya rangi", lakini alichokiandika kina maana kwamba kimiminika kimekuwa kama maji. Kwenye testityubu kulikuwa na bluu nzito kabisa. Wengine watakuambia huo ni ukali wa lugha tu, mtoto anajua. Mimi niliamua kuwa anajua asiandike hivyo tena: sikutoa alama ya kilichoonekana, nikaandika pembeni "bluu ilibaki bluu?" Hitimisho lake la kwamba sukari haipo nikaliacha lipate, kwa sababu mawazo yake yalikuwa yamenyooka, sentensi ndiyo iliyopinda.

Kwa hiyo jibu kamili la safu ya tatu ni safari: ilikuwa rangi gani, imekuwa rangi gani. Iodini ya kahawia iliyotiwa kwenye K nyeupe ikawa bluu-nyeusi. Mchanganyiko wa bluu ukawa zambarau. Ukiona mwisho bila mwanzo, kwa mfano "nyekundu ya tofali" peke yake, unaweza kuipa alama kama mwongozo wako unaruhusu, lakini jua kwamba mtu anayekariri huandika hivyo hivyo. Daftari huhifadhi mwisho. Mwanzo na njia huvikumbuka zaidi yule aliyekuwa anaangalia testityubu.

Soma mstari kwa mlalo

Kosa langu la jioni ile lilikuwa kusahihisha kwa wima. Nilishuka safu ya tatu yote nikilinganisha na mwongozo, kisha nikashuka safu ya nne yote. Ni haraka sana, lakini inakupofusha, kwa sababu hitimisho haliulizwi kama ni sahihi duniani. Linaulizwa kama linatoka kwenye kile alichokiona mtu huyu.

Chukua mstari wa protini. Hatua ni kuweka mililita 1 ya hidroksidi ya sodiamu kwenye mililita 2 za K, kisha kudondosha salfeti ya shaba, yaani mrututu, tone moja moja huku unatikisa. Zambarau ikitokea, protini ipo. Namba 11 aliandika kilichoonekana: "Ikawa bluu." Hitimisho: "Protini ipo." Ukishuka kwa wima, hitimisho linalingana na mwongozo, unaweka vema. Ukisoma kwa mlalo, bluu ni ile ile rangi ya mrututu, na kwa mtu aliyeona bluu hitimisho pekee analoweza kulitoa ni kwamba protini haipo. "Ipo" yake haikutoka kwenye testityubu. Imetoka kwa jirani au kwenye daftari.

Lakini usiishie hapo, rudi kushoto ukaangalie hatua. Namba 11 aliandika kwamba alimimina mililita 2 za mrututu. Hapo ndipo penye ugonjwa. Mrututu ukizidi, bluu yake inaifunika zambarau, hasa protini ikiwa kidogo kama kwenye K yetu. Kwa hiyo mtoto huyu aliona bluu kweli, na aliiona kwa sababu ya kipimo kibaya. Nilimpa alama ya kilichoonekana kwa sababu ndicho hatua zake zinachotoa, nikamnyima moja ya hatua, nikamnyima hitimisho, na nikamwandikia maneno matatu: "Matone, si mililita." Maneno hayo yatamsaidia kuliko alama nyekundu tatu zisizo na maelezo.

Kusoma kwa mlalo kunakuonyesha pia mistari ambayo haiwezekani. Kuna mmoja aliandika kwenye iodini, "Nilichemsha, ikawa bluu-nyeusi." Rangi ile ya wanga na iodini hufifia ikipata moto na hurudi ikipoa. Kipimo hiki hakichemshwi. Kuna mwingine aliandika Benedikti bila kutaja moto popote, halafu anadai nyekundu ya tofali. Bila moto, kwa dakika zile walizokuwa nazo, asingeiona. Huenda alichemsha akasahau kuandika. Sikuwa na namna ya kujua, kwa hiyo nilimkata kwenye hatua tu.

Turudi kwenye kijani

Huu hapa mstari wa pili na wa tatu wa Namba 17, pamoja na ile mingine miwili, jinsi alivyoijaza:

| Kinachopimwa | Kilichoonekana | Hitimisho |
|---|---|---|
| Wanga | K nyeupe na iodini ya kahawia, ikawa bluu-nyeusi | Wanga upo |
| Sukari, kundi la kwanza | Bluu ikawa kijani baada ya kuchemka, mashapo kidogo ya njano chini | Ipo, lakini kidogo |
| Sukari, kundi la pili | Bluu ikawa kijani, njano, halafu nyekundu ya tofali, mashapo mengi | Ipo, kwa sababu mashapo ni mengi kuliko mstari wa juu |
| Protini | Bluu ikawa zambarau hafifu | Protini ipo |

Nilimpa 14 kati ya 16. Mstari wa pili nilimkata kote kuwili, kilichoonekana na hitimisho.

Alipoondoka na swali lake bila jibu, nilizikusanya karatasi zote tena nikahesabu mstari wa pili peke yake. Waliosema bluu ilibaki walikuwa 16. Waliosema kijani walikuwa 5. Wawili waliandika nyekundu ya tofali, na mmoja aliacha wazi. Halafu nikaangalia hao watano wa kijani walikaa wapi. Walikuwa meza tatu tofauti. Wangekuwa meza moja ningesema wamenakiliana. Mtu mmoja akikosea, tafuta kosa kwake. Watano wasiokaa pamoja wakikosea kosa lile lile, na kosa lenyewe halimo kwenye daftari lolote, tafuta kwenye K.

Kijani maana yake nini? Benedikti ni bluu kwa sababu ya shaba iliyomo. Sukari ya kundi la kwanza, ikipata moto, huibadilisha shaba hiyo kuwa oksidi isiyoyeyuka, ambayo ndiyo mashapo tunayoyaona, ya njano mpaka nyekundu. Sukari ikiwa nyingi, bluu yote inaisha na unabaki na nyekundu ya tofali. Sukari ikiwa kidogo, mashapo machache ya njano yanaelea ndani ya bluu iliyosalia, na jicho linaona kijani. Kwa hiyo kijani si nusu jibu wala si "karibu bluu". Ni jibu kamili: ipo, kidogo. Namba 17 alikuwa ameandika neno kwa neno kile ambacho kijani inasema, na alikuwa ameyaona mpaka mashapo chini.

Swali likabaki: sukari hiyo imetoka wapi, ikiwa mimi sikuiweka?

Nilikwenda kwa mzee wa maabara. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuangalia hata karatasi. Akauliza, "Unga ulikorogea maji gani?" Nikamjibu maji ya vuguvugu, ili usifanye mabonge. "Saa ngapi?" Saa moja na nusu asubuhi. "Na watoto wameingia saa ngapi?" Saa tano. Akacheka kidogo. "Basi mwalimu, K yako ilikuwa inajipika yenyewe. Ule unga si mfu."

Ni kweli, na ni jambo tulilolisoma sote. Punje ya ngano ina vimeng'enya vya kuvunja wanga, jamii ya amilesi, kwa ajili ya mmea unaochipua. Kusaga hakuviui. Vikikaa kwenye unga mkavu vinatulia, vikipata maji vinaanza kazi, na wanga unaovunjika hutoa maltosi, ambayo ni ya kundi la kwanza. Waoka mikate wanalitegemea jambo hili hili, kwa sababu hamira inakula sukari hiyo. Mimi nilivipa vimeng'enya maji ya vuguvugu na saa tatu na nusu.

Tulijaribu kesho yake. Tukatengeneza K mbili, vipimo vile vile. Ya kwanza tuliikoroga kwa maji ya vuguvugu tukaiacha saa tatu na nusu. Ya pili unga ulitiwa kwenye maji yanayochemka ukaiva palepale kama uji mwepesi, na moto huo huua vimeng'enya kabla havijafanya kazi. Sukari ya mezani tuliiongeza ilipopoa. Mililita 2 za kila moja, mililita 2 za Benedikti, zote kwenye bikari moja ya maji yanayochemka, dakika tano kwa saa ya ukutani. Ya kwanza ikawa kijani na mashapo ya njano chini. Ya pili ikabaki bluu.

Na wale 16 wa bluu?

Hapa nilitaka kurukia upande wa pili na kusema basi wote 16 wamekariri. Mzee wa maabara ndiye aliyenizuia. Aliniuliza kama majiko ya meza zote yalikuwa yanawaka sawa. Hayakuwa. Niliporudi darasani nikauliza, meza mbili walikiri kwamba maji yao hayakuchemka hasa, yalikuwa ya moto tu, na muda ulikuwa unakwisha. Kwa sukari kidogo kama ile, moto hafifu na dakika mbili zinatosha kabisa kukuachia bluu. Kwa hiyo baadhi ya waliosema bluu waliiona bluu. Na baadhi bila shaka waliandika walichokijua kabla ya kuwasha jiko. Kwenye karatasi hawa wawili wanafanana, na msahihishaji hana mamlaka ya kuwatenganisha kwa kukisia sura zao.

Ndiyo maana nilibadilisha mwongozo wa mstari wa pili uwe hivi: kijani, pamoja na "ipo" au "ipo kidogo", alama zote. Bluu ilibaki, pamoja na "haipo", alama zote pia. Kijani pamoja na "haipo", alama ya kilichoonekana tu. Karatasi mbili zilikuwa hivyo kati ya zile tano, na ziliniuma kuliko zote. Hawa waliiona kijani, wakaiandika kwa uaminifu, halafu walipofika safu ya nne wakaogopa macho yao wakarudi kwenye daftari. Na mimi, kwa kusahihisha kwa wima, nilikuwa nimewapa alama kwa ule woga na kuwanyima kwa ule uaminifu.

Mstari wa tatu unategemea wa pili

Kuna jambo moja zaidi, na hili hata vyuoni tunalipita haraka. Kipimo cha kundi la pili kinakwenda hivi: unachemsha K na matone ya asidi ya hidrokloriki ili kuvunja sukrosi, unapoza, unaizima asidi kwa bikaboneti ya sodiamu mpaka povu liache kutoka, ndipo unaweka Benedikti na kuchemsha tena. Asidi isipozimwa, Benedikti haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo mwanafunzi aliyeruka bikaboneti halafu akaona bluu usimshangae. Angalia safu ya hatua kwanza.

Ikiwa mstari wa pili ulibaki bluu, basi rangi yoyote ya tofali kwenye mstari wa tatu imetokana na kilichovunjwa na asidi, na "kundi la pili lipo" ni hitimisho halali. Lakini ikiwa mstari wa pili tayari ulibadilika, mstari wa tatu lazima ubadilike hata kama hakuna sukrosi hata chembe, kwa sababu sukari ya kundi la kwanza bado imo ndani. Hapo rangi peke yake haitoshi. Unahitaji kulinganisha: je, mashapo yameongezeka?

Wale wawili walioandika nyekundu ya tofali kwenye mstari wa pili waliandika hivyo hivyo kwenye wa tatu, na wakahitimisha kwamba sukari zote mbili zipo. Majibu yao kwa wima yanapendeza. Kwa mlalo, hitimisho la mstari wa tatu halina mguu: mstari wa pili umeshafika mwisho wa rangi, hakuna nafasi ya kuona ongezeko. Niliwakata alama moja moja hapo. Namba 17 yeye alikuwa ameandika "kwa sababu mashapo ni mengi kuliko mstari wa juu". Sikuwafundisha hilo. Alilazimika kulifikiri, kwa sababu kijani ya mstari wa pili ilikuwa imemziba njia ya mkato.

Na hata hitimisho lake lina mpaka wake, nilimwambia pia. Asidi na moto huvunja hata wanga, ukichemsha muda mrefu. Kwenye K yenye wanga mwingi kama ile, chemsha na asidi dakika moja au mbili tu, na darasa zima muda uwe mmoja. La sivyo utapata tofali iliyotoka kwenye wanga ukaiita sukrosi.

Ninachofanya sasa kabla ya kalamu nyekundu

Tangu siku ile nimebadili mambo mawili, na hayachukui muda.

La kwanza, mwongozo siuandiki nyumbani. K ikishatengenezwa naipima mwenyewe mistari yote, na ikiwa darasa linaingia saa tano naipima tena saa tano. Ninachokiona ndicho kinachoingia kwenye mwongozo, hata kama hakikupangwa. Nikitumia unga, naupika kwanza kwa maji yanayochemka. Nabakiza pia kiasi cha K kwenye chupa mpaka nimalize kusahihisha siku hiyo hiyo, ili mwanafunzi akiniletea kijani nimwambie twende tukaangalie.

La pili, nasahihisha mstari kwa mstari, kwa mlalo, na ninapomaliza rundo nahesabu majibu ya mstari mmoja mmoja. Kosa linalojirudia kwenye meza mbalimbali naliulizia kabla sijalirudisha kwa wanafunzi. Hesabu hiyo kwa karatasi 24 inachukua dakika kumi.

Namba 17 nilimwita mbele ya darasa siku ya Jumatatu, si kwa ajili ya kumpamba, bali kwa sababu nilimkosea mbele ya darasa nilipozirudisha zile karatasi na kusoma alama. Nikawaonyesha zile testityubu mbili, ya kijani na ya bluu, nikawaeleza kuhusu unga na maji ya vuguvugu. Alama zake zikawa 16. Wengine wawili wa kijani wakapanda, Namba 11 akabaki pale pale, na wale wa tofali mbili wakashuka, wakalalamika, tukajadili, wakaelewa, au angalau mmoja wao alielewa.

Na lile swali lake nikalijibu hapo hapo, mbele ya wote. Nilimwambia aandike anachokiona, na hitimisho lifuate alichokiandika. Akauliza, "Hata kama mwalimu ana jibu jingine?"

Nikamwambia, hata kama. Ila achemshe dakika tano kamili kwanza.